Misuli kuuma siku ya pili siyo risiti ya kukua

Jumatatu timu inarudi mazoezini baada ya mapumziko marefu. Kocha anataka kujua nani alijifua likizo na nani alikuwa anakula na kulala. Kazi inaanza: kupanda na kushuka ngazi za jukwaa, kuruka kichura uwanja mzima, skwoti, mbio fupi za kuchomoka na kusimama ghafla. Jumatatu jioni vijana wanataniana. Jumanne asubuhi kuna wanaolalamika kidogo. Jumatano sasa, beki wa kati mwenye kilo zake 85 anashuka kwenye daladala kinyumenyume, ameshika bomba kwa mikono miwili, na konda anamuuliza kama ametoka kufanyiwa upasuaji. Choo cha kuchuchumaa kimekuwa mtihani.

Kauli mbili husikika siku hiyo karibu kila kambi. Ya kwanza ni ya mchezaji: "Asidi imejaa miguuni." Ya pili ni ya kocha, na huisema akitabasamu: "Vizuri, hiyo ndiyo misuli inajengeka." Zote mbili hazina ukweli, na ya kocha ndiyo yenye gharama kubwa zaidi. Kocha anayeamini kuwa maumivu ndiyo ukuaji atawapiga vijana kazi nzito siku ya kwanza ili waumwe. Mwenzake anayeogopa maumivu hayo atalitupa zoezi ambalo lingewaokoa mawinga wake na majeraha ya nyama za paja. Wote wawili wameangalia maumivu, na wote wawili wamekosea hesabu.

Tuhuma ya asidi ya laktiki ndiyo rahisi kuifuta. Ni kweli laktiki hupanda kwenye damu mchezaji anapokimbia kwa nguvu, lakini mazoezi yakiisha hurudi kwenye kiwango chake cha kawaida ndani ya saa moja hivi. Maumivu yanayozungumzwa hapa huanza kujitokeza kati ya saa 12 na 24 baadaye, hufika kileleni siku ya pili au ya tatu, kisha hupungua hadi kuisha ndani ya wiki moja. Mtuhumiwa aliyeondoka Jumatatu jioni hawezi kusingiziwa kosa la Jumatano. Mwaka 1983 watafiti wa Marekani waliwakimbiza watu wale wale kwenye mashine kwa dakika 45, mara moja mashine ikiwa sawasawa na mara nyingine ikiwa imeinamishwa kwenda chini. Kwenye mbio za sawasawa laktiki ilipanda, lakini misuli haikuuma siku zilizofuata. Kwenye mbio za mteremko laktiki haikupanda, na hao ndio walioumwa.

Jibu limo kwenye neno hilo, mteremko. Msuli una namna zaidi ya moja ya kufanya kazi. Mchezaji anapopanda ngazi, msuli wa mbele ya paja unavuta huku unajifupisha, na mwili unapanda. Anaposhuka, msuli ule ule bado unavuta, lakini uzito wa mwili unaushinda taratibu na unarefuka huku umekaza. Hiyo ni kazi ya breki. Madereva wa malori wanaopita mlima Kitonga kule Iringa wanaielewa bila kusoma popote: kupanda kunachosha injini, kushuka kunaunguza breki. Kwa misuli, kushuka kunachukua pumzi kidogo na kunaumiza zaidi. Ndiyo maana watalii wengi wa Kilimanjaro hupanda kwa siku kadhaa wakilalamikia hewa, kisha wakishateremka ndipo mapaja yanapowagomea hotelini.

Sasa tazama mpira wa miguu. Beki anayesimama ghafla ili asipitwe, straika anayetua baada ya kupiga kichwa, kiungo anayegeuka na mpira, winga anayerusha mguu mbele akiwa kasi kamili, wote wanafanya kazi ya breki. Mtu aliyekaa wiki nne bila kazi hiyo, hata kama alikuwa anakimbia kilomita tano kila asubuhi barabarani, misuli yake imesahau breki. Ataumwa. Na huyo ndiye anayeshangaa kuliko wote, kwa sababu pumzi anayo.

Ndani ya msuli kunatokea nini? Mfiziolojia wa Marekani, Theodore Hough, alishaandika mwaka 1902 kwamba maumivu ya kuchelewa si sawa na uchovu wa kawaida, na alihisi kuwa kuna michaniko midogo ndani ya msuli. Miaka ya 1980 watafiti wa Sweden waliangalia vipande vya misuli kwa hadubini ya elektroni na kuona mistari ya vinyuzi, ambayo kwa kawaida imenyooka kama matuta ya shamba, imevurugika baada ya kazi nzito ya breki. Baada ya vurugu hiyo mwili hutuma mafundi wake: maji yanaingia, kemikali za uvimbe zinazalishwa, na ncha za mishipa ya fahamu zinakuwa nyepesi kuhisi. Mguso ambao jana haukuwa kitu leo unauma. Mambo hayo yote huchukua saa nyingi, na ndiyo maana maumivu yanachelewa.

Lakini michaniko yenyewe haitoshi kueleza maumivu, na hapa ndipo stori ya "kadiri unavyoumwa ndivyo ulivyofanya kazi" inapovunjika. Utando unaofunika misuli nao unahusika sana katika kuhisi maumivu. Watafiti waliolinganisha kiasi cha maumivu na dalili nyingine za kuumia kwa msuli, kama kupungua kwa nguvu, uvimbe na kimeng'enya kinachovuja kwenye damu, waligundua kuwa haviendi pamoja. Mmoja anaumwa sana na msuli wake umeumia kidogo. Mwingine anaumwa kidogo na amepoteza nguvu nyingi. Nguvu zenyewe hupungua papo hapo baada ya zoezi, kabla maumivu hayajafika, na zinaweza kuchukua siku kadhaa kurudi. Kwa kocha, hiyo ni habari muhimu kuliko maumivu: mchezaji anayesema "niko fiti" Jumanne asubuhi anaweza kuwa tayari ana mguu dhaifu kuliko wa Jumapili.

Je, kuumwa ni dalili kwamba msuli unakua? Swali hilo lilipimwa moja kwa moja mwaka 2011 na watafiti wa Marekani. Waliwapanga watu kwenye makundi mawili ya watu saba saba, wote wakafanya kazi ya breki kwa miguu kwenye mashine kwa wiki nane, dakika 20, mara tatu kwa wiki. Kundi moja liliingia moja kwa moja. Jingine lilipewa kwanza wiki tatu za kuzoea, likianza na mzigo mdogo na kuongezwa polepole. Walioingia moja kwa moja waliumwa, na kimeng'enya cha misuli kilijaa kwenye damu yao. Waliozoeshwa hawakuonyesha dalili za maana za kuumia. Mwishoni misuli ikapimwa ukubwa, nguvu nazo zikapimwa. Makundi yote mawili yalikuwa yameongezeka sawa. Idadi ya watu ni ndogo, hilo lisifichwe, lakini matokeo yake yanakubaliana na yale ya São Paulo, Brazil, yaliyotolewa mwaka 2016. Huko waliwafuatilia vijana kumi kwa wiki kumi za kunyanyua vyuma. Baada ya zoezi la kwanza, wakati misuli imeumia zaidi, mwili ulikuwa unatengeneza protini nyingi kweli, ila nyingi zilikuwa zinakwenda kuziba nyufa. Uzalishaji wa protini ulikuja kulingana na ukuaji wa msuli kuanzia wiki ya tatu, wakati kuumia kulikuwa kumeshapungua.

Kwa lugha ya fundi mwashi, wiki ya kwanza mwili unakarabati ukuta ulioanguka. Matofali mapya yanapangwa baadaye, wakati mchezaji haumwi tena na anaanza kulalamika kwamba "mazoezi hayashiki siku hizi."

Kuna jambo jingine ambalo makocha wengi wanaliona bila kulipa jina. Msuli ulioumia kwa kazi ya breki mara moja, hata kwa dozi ndogo, ukirudishiwa kazi ile ile wiki moja au mbili baadaye, unauma kidogo sana na nguvu zake zinarudi haraka. Ulinzi huo hudumu kwa wiki kadhaa, na katika baadhi ya vipimo umedumu kwa miezi. Wapagazi wa Kilimanjaro wanaoteremka na mizigo kila safari wanaishi ndani ya ulinzi huo, huku mgeni wao hawezi kushuka ngazi za hoteli. Muhimu zaidi ni kwamba ulinzi haudai maumivu makali kama ada ya kiingilio. Dozi ndogo isiyoumiza sana nayo inaununua.

Basi turudi uwanjani, kwenye zoezi moja ambalo limeshinda majaribio na bado linakataliwa kwa sababu ya siku ya pili. Linaitwa Nodiki. Mchezaji anapiga magoti kwenye nyasi, mwenzake anamshika vifundo vya miguu kwa nguvu. Mwili unanyooka kuanzia magotini hadi kichwani, kisha anaanguka mbele polepole kadiri anavyoweza, akizuia kuanguka kwa misuli ya nyuma ya paja peke yake. Akishindwa, anajidaka kwa mikono kama anayepiga pushapu, anajisukuma na kurudi. Halihitaji jimu wala vyuma, na timu ya mchangani inaweza kulifanya kandokando ya uwanja.

Nchini Denmark, timu 50 zenye wachezaji 942, za kulipwa na za ridhaa, ziligawanywa kwa kura. Nusu zilipewa Nodiki kwa wiki kumi wakati wa mapumziko ya katikati ya msimu, nusu ziliendelea na mazoezi yao ya kawaida. Matokeo yalichapishwa mwaka 2011: waliofanya Nodiki walipata majeraha 15 ya nyama za nyuma ya paja, wenzao walipata 52. Katika mpira, ambako jeraha hilo ndilo linalowaweka nje wachezaji wengi wenye kasi, tofauti hiyo ni ya kubeba ubingwa.

Na bado, utafiti uliofuata mwaka 2015 kwa klabu 50 za Ligi ya Mabingwa Ulaya na Ligi Kuu ya Norway ulikuta kwamba katika misimu 150 ya klabu iliyohesabiwa, misimu 16 tu ndiyo ambayo programu ilifuatwa kikamilifu. Hao ni matajiri, wenye madaktari na mashine za kila aina. Ukizungumza na watu wa viungo, moja ya sababu zinazorudiwarudiwa ni kwamba wachezaji hawalipendi, linawauma. Kama Ulaya wanalikimbia, kocha wa ligi ya mkoa mwenye mipira sita na maji ya kuchota atalaumiwa kwa lipi?

Atalaumiwa kwa dozi. Programu iliyofanya kazi Denmark haianzi kwa kuua watu. Wiki ya kwanza ni siku moja tu, seti mbili za marudio matano. Marudio kumi, basi, mtu anaenda nyumbani. Wiki ya pili ni siku mbili, seti mbili za marudio sita. Wiki ya tatu ndipo zinakuwa siku tatu, seti tatu za marudio sita hadi manane. Ya nne inapanda hadi manane na kumi. Kuanzia wiki ya tano hadi ya kumi ni siku tatu, seti tatu za 12, 10 na nane. Baada ya hapo, mara moja kwa wiki inatosha kulinda kilichopatikana. Aliyepanga ngazi hizo alijua kabisa kuwa misuli itauma ikipewa kazi hiyo ghafla.

Chukua winga wa ligi ya mkoa ambaye mechi yake ni Jumamosi. Kocha wake amesikia habari za Nodiki, akaona zinapendeza, akaamua Alhamisi kuwapa vijana seti tatu za 12. Ijumaa winga anahisi kukaza nyuma ya mapaja. Jumamosi, siku ya pili, ndiyo kilele. Anaingia uwanjani akiwa na nguvu pungufu, mguu wake haujui vizuri uko wapi kwa sababu hisia ya mkao nayo huvurugika, na dakika ya 20 anatakiwa kumkimbiza beki. Timu inafungwa, vijana wanasema zoezi lile ndilo lililowaua, na Nodiki inafutwa moja kwa moja. Wangekuwa na haki ya kulalamika, ila mshtakiwa ni Alhamisi na ile 36.

Winga huyo huyo angepewa marudio kumi siku ya Jumatatu. Jumanne angehisi kitu kidogo. Jumatano kingekuwa kilele chenyewe, na siku hiyo kocha angepanga mbinu na mipira ya kona badala ya mbio. Alhamisi kingekuwa kinayeyuka. Jumamosi angecheza. Jumatatu inayofuata, akirudia, angegundua kwamba hata kile kidogo kimepungua. Kufika wiki ya tano angekuwa anafanya marudio 30 kwa siku bila kusimulia kwa mtu, na misuli yake ya nyuma ya paja ingekuwa mirefu na yenye nguvu kuliko mwanzoni, bila hata siku moja ya kushuka daladala kinyumenyume.

Kwa yule ambaye ameshaumwa, habari si nzuri wala mbaya. Kujinyoosha, kabla au baada ya mazoezi, karibu hakusaidii kwa maumivu haya: majaribio yaliyojumlishwa yalionyesha nafuu ya takriban alama moja kati ya mia. Kutembea, kukimbia polepole na kuchuliwa kunapunguza kwa muda. Dawa za kutuliza maumivu, zile ambazo mabegi ya timu hayazikosi, zinaficha kengele lakini nguvu hazirudishi, na kwa mchezaji aliyekaukiwa maji chini ya jua la saa tisa zinaweza kuleta shida kwenye figo. Muda ndio unaomaliza kazi.

Ipo pia hatari ya kuchanganya maumivu haya na jeraha. Maumivu ya siku ya pili huja polepole, huwa kwenye miguu yote miwili, yametapakaa, na mchezaji akipasha mwili hulegea kidogo. Nyama za paja zikichanika, mchezaji anajua dakika ile ile: anashika paja la upande mmoja, anaweza kuonyesha mahali kwa kidole, na akipasha mwili hali inazidi kuwa mbaya. Huyo wa pili asiambiwe kwamba "ni mazoezi tu." Wengi waliokaa nje miezi miwili walianzia kwenye sentensi hiyo.

Na wapo wa tatu, wachache lakini wa kukimbizwa hospitali. Hawa ni wale waliopigwa kichura mia mbili kama adhabu ya kuchelewa kambini, au kijana wa mtaani aliyerudi jimu baada ya mwaka na kutaka kumaliza yote siku moja. Misuli inavimba na kuwa migumu, mguu au mkono unashindwa kunyooka, na mkojo unatoka rangi ya soda nyeusi au chai ya rangi. Maana yake msuli umevunjika kwa wingi na vilivyomo vinapita kwenye figo. Kijana huyo anahitaji kupimwa damu na kuongezewa maji kwa dripu siku hiyo hiyo, na makocha wanaotumia kichura kama fimbo wanapaswa kuambiwa rangi hiyo ya mkojo kabla msimu haujaanza.

Kambi za msimu mpya zikifunguliwa, klabu itatafuta namna ya kumpima kocha wa viungo. Kuna wenyeviti hupita Jumatano asubuhi, wakawaona wachezaji wanatembea kama wazee wa miaka 80, wakaondoka wameridhika kwamba mtaalamu anachapa kazi. Wangeuliza vitu viwili tofauti: wiki ya kwanza vijana walifanya marudio mangapi, na wiki ya sita ni wangapi wako mazoezini bila bandeji pajani.